Pesa alipokea, mbao hakuleta: je, ana kesi ya kujibu?

*"Mdogo wangu ameshtakiwa mbele ya hakimu, nchini Kenya, kwa kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu. Alipokea malipo ya mbao kutoka kwa mteja, akaahidi kuzileta baada ya wiki mbili, hakuzileta, na pesa hajarudisha zote. Mashahidi watatu wamesikizwa na upande wa mashtaka umefunga kesi yake. Wakili anataka kuwasilisha kwamba hana kesi ya kujibu. Mdogo wangu mwenyewe anataka kujitetea, maana anaogopa kwamba akinyamaza hakimu ataona anaficha kitu. Wazee wa familia nao wanasema pesa alipokea kweli, kwa hiyo hoja hiyo ni ya kupoteza muda. Nani tumsikilize?"*

Dada yangu, msikilizeni wakili kwanza. Wazee wamesema kweli kwamba pesa zilipokelewa, lakini kupokea pesa ni kipande kimoja tu cha kosa hili, na ndicho kipande ambacho hakuna anayekibishia. Kesi ya mdogo wako itasimama au itaanguka mahali pengine kabisa.

Tuanze na hatua mliyofikia. Upande wa mashtaka ukishafunga kesi yake, hakimu analazimika kusimama na kujiuliza swali moja kabla ya kumwita mshtakiwa ajitetee. Kifungu cha 210 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, sura ya 75, kinasema kwamba ikiwa ushahidi uliotolewa hautoshi kumlazimu mshtakiwa ajitetee, mahakama itaitupa kesi na kumwachilia huru papo hapo. Hakimu anapaswa kujiuliza swali hilo hata kama hakuna wakili aliyefungua mdomo. Hoja ya wakili inamsaidia tu kuona pengo liko wapi.

Swali lenyewe watu wengi hulielewa vibaya. Hakimu hajiulizi wakati huu kama mdogo wako ni mtu mwema, wala kama alimtendea mteja wake haki. Anajiuliza hivi: nikichukua ushahidi huu kama ulivyo, na mshtakiwa asiposema neno lolote, je, mahakama inayoielewa sheria sawasawa inaweza kumtia hatiani? Kipimo hicho kiliwekwa mwaka 1957 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Ramanlal Bhatt, na hadi leo ndicho kinachotumika. Majaji wale walisema jambo jingine ambalo ningependa mdogo wako alisikie: haitoshi kesi iwe ile ambayo pengine, baada ya kufikiriwa kwa kina, ingeweza kuonekana inatosha. Kumwita mtu ajitetee katika hali hiyo ni karibu sawa na kungoja utetezi wake ujaze mapengo ya upande wa mashtaka, na hiyo si kazi yake.

Kwa hiyo ile hofu ya kwamba kunyamaza kutaonekana ni kuficha haina msingi katika hatua hii. Hajaulizwa kitu bado. Hakimu yuko katika kuamua kama kuna la kumuuliza.

Hoja hii huwa na njia mbili, ambazo Lord Parker, Jaji Mkuu wa Uingereza, alizieleza mwaka 1962 na mahakama zetu zikazipokea. Njia ya kwanza ni kuonyesha kwamba kipengele fulani cha lazima cha kosa hakikuletewa ushahidi wowote. Ya pili ni kuonyesha kwamba ushahidi ulioletwa umevunjwavunjwa na maswali ya utetezi, au hauaminiki waziwazi, kiasi kwamba hakuna mahakama makini inayoweza kuutegemea. Mawakili wachanga huikimbilia hii ya pili, wakajaza kurasa kueleza jinsi shahidi alivyojikanganya kuhusu saa na tarehe. Mara nyingi hakimu huwajibu kwamba suala la nani aaminike litapimwa mwishoni. Njia ya kwanza ndiyo yenye nguvu, kwa sababu haimwombi hakimu amwite yeyote mwongo. Inamwambia: waamini mashahidi wote watatu, neno kwa neno, na bado kosa hili halijaonekana.

Sasa tuliangalie kosa lenyewe. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayejipatia kitu kwa udanganyifu akiwa na nia ya kulaghai. Udanganyifu huo ni nini? Kifungu cha 312 ndicho kinachojibu, na hapo ndipo kesi yenu ilipo. Udanganyifu ni maelezo, ya mdomo, ya maandishi au ya vitendo, kuhusu jambo lililokwisha kutokea au lililopo wakati huo, maelezo ambayo si ya kweli, na anayeyatoa anajua si ya kweli au haamini kwamba ni ya kweli. Soma tena sehemu ya wakati: lililopita au lililopo. Jambo lijalo halimo.

Mtu akisema "nina mbao ghalani", anaeleza jambo lililopo. Linaweza kukaguliwa siku hiyohiyo na kuonekana ni kweli au uongo. Akisema "nitakuletea mbao baada ya wiki mbili", ametoa ahadi. Siku alipoitamka haikuwa kweli wala uongo, kwa sababu wiki mbili zilikuwa hazijafika. Akiivunja, amevunja makubaliano, na mteja ana haki ya kumdai. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya Oware, ilisema wazi kwamba maelezo kuhusu jambo la siku za usoni hayawezi kubeba shtaka la kujipatia pesa kwa njia ya udanganyifu. Uamuzi huo ndio ningeuweka juu kabisa katika mawasilisho yenu. Nakutahadharisha tu kwamba huu ndio msimamo wa sheria kama ilivyoandikwa katika kifungu cha 312. Ziko nchi ambazo sheria zao zimepanuliwa zikaingiza hata nia ya mtu wakati anapoahidi, kwa hiyo msichukue ushauri kutoka kwa jamaa aliyesomea sheria za kwingine.

Ili uone wakili anavyofanya kazi hii, chukulia kwamba mwenendo wa kesi ya mdogo wako, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, umepigwa chapa na uko mbele yako. Wakili anachukua karatasi na kuandika vipengele vya kosa upande mmoja: kwamba kulikuwa na maelezo kuhusu jambo lililopita au lililopo, kwamba maelezo hayo yalikuwa ya uongo, kwamba mshtakiwa alijua, kwamba alikusudia kulaghai, na kwamba ni maelezo hayo yaliyomfanya mlalamishi atoe pesa. Kisha anasoma ushahidi wa kila shahidi, na kila sentensi anaiweka mbele ya kipengele inachokigusa. Mwishoni anatazama ni nafasi ipi iliyobaki tupu.

Tuseme shahidi wa kwanza, mlalamishi, alisema hivi: "Nilimpa pesa za mbao. Aliniambia ataniletea baada ya wiki mbili. Sikuziona mbao wala pesa." Alipoulizwa na utetezi kama alionyeshwa mbao zozote, akajibu: "Hapana, alisema atazitafuta kwa watu wake." Jibu hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mlalamishi mwenyewe ameiambia mahakama kwamba alijua mbao hazikuwapo bado. Hapakuwa na uongo kuhusu jambo lililopo. Kulikuwa na ahadi ya kutafuta.

Shahidi wa pili tuseme ni mtu aliyekuwapo pesa zikikabidhiwa. Anathibitisha kukabidhiana na tarehe. Hilo tunalikubali, na kipengele cha kupokea kinajazwa. Cha udanganyifu kinabaki kama kilivyokuwa.

Shahidi wa tatu ni afisa mpelelezi. Anasema alipokea malalamiko, akaandika taarifa za mashahidi, akamkamata mshtakiwa, na akatoa kama kielelezo karatasi ambayo mdogo wako aliandika: "Nakiri nilipokea pesa za mbao na nitarudisha salio." Familia nyingi zikiona karatasi kama hiyo hukata tamaa, zikidhani ni ungamo. Isome polepole. Inakiri kupokea na inaahidi kulipa. Hakuna mahali inaposema "nilimdanganya". Kwa mahakama ya madai hiyo ni karatasi nzuri sana kwa mlalamishi. Kwa shtaka hili inathibitisha kipande kilekile ambacho hakikubishaniwa tangu mwanzo.

Mashahidi watatu wamepita, kielelezo kimepokelewa, na nafasi ya kwanza kwenye karatasi ya wakili bado ni tupu. Haya ndiyo mawasilisho yenyewe, na yakiandikwa vizuri hayahitaji kuzidi kurasa chache.

Sasa nibadilishe jambo moja, ili usiondoke hapa ukidhani kila kesi ya mbao hufa hivi. Tuseme mlalamishi alisema: "Alinipeleka kwenye ghala, akanionyesha rundo la mbao, akasema hizi zote ni zangu." Hayo ni maelezo kuhusu jambo lililopo. Na tuseme mwenye ghala aliitwa akasema mbao zile zilikuwa zake na hamjui mshtakiwa. Hapo nafasi mbili za kwanza zimejaa, na kujua kunaweza kukisiwa kutokana na mazingira, maana mtu hujua kilicho chake na kisicho chake. Kesi hiyo ina la kujibu, na wakili anayepinga katika hatua hiyo anapoteza nguvu zake. Lakini kama mpelelezi hakufika ghalani, na mwenye ghala hakuitwa, basi maelezo yapo ila uongo wake haujathibitishwa. Hakuna aliyeiambia mahakama kwamba mbao hazikuwa zake. Hoja inarudi, safari hii kwa kipengele cha pili. Ndiyo sababu siwezi kukuhakikishia lolote kwa kusimuliwa tu. Sentensi moja ya shahidi inaweza kugeuza kila kitu, na lazima isomwe kwenye mwenendo wenyewe.

Hati ya mashtaka nayo isomwe kwa makini. Mara nyingi maelezo ya shtaka huandikwa kwamba mshtakiwa alipokea pesa "akijifanya kwamba yuko katika nafasi ya kuleta mbao". Maneno hayo yana sura ya jambo lililopo, na upande wa mashtaka utayashikilia. Jibu ni kwamba hati ya mashtaka si ushahidi. Kama hakuna shahidi aliyeeleza mshtakiwa alisema au kutenda nini kuonyesha "nafasi" hiyo, na hakuna aliyethibitisha kwamba hakuwa nayo siku ile, maneno ya hati yanabaki hewani. Vilevile taarifa ambazo mashahidi waliandikisha polisi si ushahidi mpaka zitolewe mahakamani kwa utaratibu wake. Nimeona ndugu wa washtakiwa wakibishana juu ya kilichoandikwa kituoni ilhali shahidi hakukisema kabisa mbele ya hakimu. Kwa hatua hii, kisichosemwa mahakamani hakipo.

Kanuni hiyo inawabana nanyi pia. Mdogo wako ana maelezo yake: labda muuzaji wa mbao alimwangusha, labda ana ujumbe wa simu unaoonyesha alivyohangaika kuzitafuta. Hayo yote yakae nje ya mawasilisho haya. Wakili akianza kusema "mteja wangu alitapeliwa na muuzaji", ameingiza ushahidi ambao haujatolewa, na tena amemwonyesha hakimu kwamba kuna simulizi linalongoja kusikizwa. Hoja ya kutokuwa na kesi ya kujibu inasimama juu ya ushahidi wa upande wa mashtaka peke yake.

Na ile hamu yake ya kupanda kizimbani aeleze kila kitu, naielewa. Mtu aliyeitwa tapeli mbele za watu anataka kusema. Lakini afikirie kitakachofuata. Akitoa ushahidi kwa kiapo, mwendesha mashtaka atamuuliza maswali. "Siku ile ulipopokea pesa ulikuwa na mbao?" "Hapana." "Ulimwambia mlalamishi kwamba ulikuwa nazo?" Mtu mwenye wasiwasi, akitaka kuonekana mkweli, anaweza kujibu, "Nilimwambia ziko tayari, ili asiwe na shaka." Kwa sentensi hiyo moja ameujaza yeye mwenyewe ule upungufu ambao mashahidi watatu walishindwa kuujaza.

Hoja hii ina hatari zake. Mnapoonyesha pengo kwa kidole, mnalionyesha kwa kila mtu. Kwa kawaida upande wa mashtaka hauwezi tena kulirekebisha: kifungu cha 214 cha ileile sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai kinaruhusu hati ya mashtaka ibadilishwe kabla ya upande huo kufunga kesi, si baadaye. Hata hivyo kifungu cha 150 kinaipa mahakama uwezo wa kuita au kurudisha shahidi wakati wowote ikiona ushahidi wake ni wa lazima kwa uamuzi wa haki. Mahakimu wengi hawapendi kuutumia kuokoa kesi iliyolegea, na wakili wenu anapaswa kupinga vikali ukijaribiwa, lakini upo. Ndiyo maana hoja dhaifu ni afadhali iwekwe hadi mawasilisho ya mwisho. Yenu, kwa nilivyoisikia, si dhaifu.

Jambo jingine ambalo wakili wenu awe nalo tayari ni ombi la kuondoa kesi. Wakati mwingine upande wa mashtaka, ukiona hoja inakuja, huomba kuiondoa chini ya kifungu cha 87(a). Familia hushangilia bila kujua kwamba kuondolewa huko kwa kawaida hakuzuii mtu kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Kinachowalinda ni Katiba ya 2010, ibara ya 157(7): ikiwa kesi inasitishwa baada ya upande wa mashtaka kufunga, mshtakiwa lazima aachiliwe huru kabisa. Nyinyi mmeshafika hapo. Ombi kama hilo likija, wakili asikubali kitu pungufu ya kuachiliwa huru.

Hakimu akikubali hoja, atatoa sababu zake na mdogo wako atakwenda nyumbani, ingawa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kukata rufaa. Akikataa, uamuzi utakuwa mfupi, pengine sentensi mbili tatu, kwamba mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Msiuchukulie ufupi huo kuwa dharau. Hakimu anajizuia makusudi asieleze anavyouona ushahidi kabla ya kusikia upande wa pili. Wala mdogo wako hajapatikana na hatia. Chini ya kifungu cha 211 atachagua: kutoa ushahidi kwa kiapo na kuulizwa maswali, kutoa maelezo bila kiapo, au kunyamaza, na anaweza kuita mashahidi. Hajapoteza haki yoyote kwa kuwa alitangulia kuwasilisha hoja. Na kipengele ambacho hakikuthibitishwa kinaweza kuinuliwa tena mwishoni, ambapo kipimo ni kigumu zaidi kwa upande wa mashtaka, kwani hapo lazima kosa lithibitishwe bila kuacha shaka yoyote ya maana.

Kabla ya tarehe ijayo, kaeni na wakili ana kwa ana, mkiwa na hati ya mashtaka, nakala ya mwenendo wa kesi na vielelezo vyote vilivyopokelewa. Muulizeni swali moja: ni shahidi gani, ukurasa upi, aliyesema mdogo wetu alieleza uongo kuhusu jambo lililokuwapo siku ile? Akiweza kuionyesha sentensi hiyo, basi mpango ubadilike na mdogo wako aanze kutayarishwa kujitetea. Asipoiona, awasilishe hoja. Kama mna wasiwasi na majibu yake, wakili mwingine anaweza kuusoma mwenendo huo kwa muda mfupi na kuwaambia anavyouona.

Kuhusu pesa zilizobaki, kuachiliwa huru katika kesi ya jinai hakufuti deni. Mlalamishi anaweza kwenda mahakama ya madai na ile karatasi ya "nitarudisha salio", na huko itamfaa sana. Kama familia inaweza kulipa, lipeni, ila malipo yapitie kwa wakili na yaandikwe kwa maneno atakayoyachagua yeye, ili risiti isije ikasomwa mahakamani kama kukiri udanganyifu ambao hakuna shahidi aliyeuthibitisha.